Nukta Mahali pa Lakini

Mama Brayo alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne kutoka Dammam, usiku wa manane, akinong'ona. Mkataba wake wa miaka miwili ulikuwa unaisha na alitaka kuiaga familia aliyoifanyia kazi. "Si wewe ndio ulisomea Kiarabu?" Nilisoma miaka miwili nikaacha chuo, lakini kwa ukoo wetu hiyo inatosha kabisa.

Shukrani, haki, samahani, hata lakini: yote tuliyatoa kwa Waarabu. Nikadhani kazi ni kuyarudisha tu kwao.

Sentensi ya kwanza ikanikwamisha: "Mlinichukua kama mtoto wenu." Nikampigia nikamuuliza kama ni kweli. Akacheka. "Hiyo ni ya adabu tu." Nikamwambia basi anipe kitu kimoja kilichotokea. Akanyamaza, halafu akanisimulia usiku aliokuwa na homa, nyanya wa ile nyumba akaketi kando ya godoro lake, kwenye chumba cha kupigia pasi, akimwekea kitambaa chenye maji hadi alfajiri. Tukaandika hiyo, pamoja na godoro na chumba.

Kisha: "Mlinitunza, lakini simu yangu mliichukua." Kwa Kiarabu ni "lakin", na huko pia hulifuta lililotangulia. Msomaji anaona kumbe ile asante ilikuwa hodi tu ya lawama. Nikaiondoa, nikaweka nukta. Nyanya alikaa nami hadi alfajiri. Simu yangu ilifungiwa kabatini miezi saba, na mwanangu alianza shule bila kusikia sauti yangu. Zikae kando kando, kila moja isimame kivyake.

Kuhusu mshahara wa miezi miwili nilitaka kulainisha, niseme "kiasi kilichobaki". Akakataa. "Andika haki yangu." Alikuwa sahihi kuliko mimi, "haqqi" ndiyo hiyo hiyo, na hakuna mtu Dammam ambaye angehitaji kuelezwa.

Mwisho alisema, "Mnisamehe kama niliwakosea, nami nimewasamehe." Nusu ya pili ilimtia wasiwasi, ati wataona anawashtaki. Lakini nikiandika "samihuni" peke yake, baada ya mambo ya mshahara, ingesomeka kama yeye ndiye mwenye makosa. Zikabaki nusu zote mbili.

Nikamsomea yote tena kwa Kiswahili, polepole, kutoka kwa Kiarabu changu. Alinisimamisha mara moja tu: "Hapo umenifanya nilie sana. Mimi sikulia." Nikatoa.

Hakuituma akiwa nyumbani mwao. Pasipoti ilikuwa bado kwa baba wa nyumba, na ukweli unaweza kumkosesha mtu ndege. Aliituma akiwa Doha, akingoja ndege ya Nairobi.

Alipotua, alikuta ujumbe mmoja wa sauti. Ni nyanya. "Samihini, ya binti," halafu kikohozi, halafu kimya. Nisamehe, binti yangu.

Huu ni mwezi wa tatu sasa. Mshahara haujaingia.