Barua Iliyounganisha Mafaili Mawili

Barua ya mama mmoja ilifika Septemba 1986, kabla watoto wa darasa la saba hawajajua nani amechaguliwa na serikali na nani ameachwa. Wakati huo nilikuwa karani katika shule ya sekondari ya binafsi kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Nilipiga chapa, nikashika leja ya ada, nikapokea barua na kuzigonga mhuri, na mgeni akija ofisini ni mimi niliyemkaribisha kiti. Barua za kuombea watoto nafasi ndizo zilizojaza trei yangu kuanzia mwezi wa tisa hadi shule ilipofungua mwaka mpya.

Vijana wa leo hawawezi kukisia zilivyokuwa nyingi. Mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uliotokana na Azimio la Musoma la 1974, ulikuwa umejaza madarasa ya msingi nchi nzima, lakini sekondari za serikali hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Katika watoto kumi waliomaliza la saba, hata mmoja kamili hakupata nafasi. Tena nafasi zenyewe ziligawanywa kwa mgao, ili mikoa iliyoachwa nyuma nayo ipate. Kwa nchi lilikuwa jambo la haki. Kwa mzazi wa Kilimanjaro lilimaanisha kwamba mwanawe angeweza kupata alama nzuri na bado akabaki nyumbani kuchuma kahawa. Ndiyo maana huko kwetu watu walichangishana wakajenga sekondari zao, na ndiyo maana mkuu wetu wa shule alipopita njiani kwenda kanisani watu walimvulia kofia kana kwamba ni mkuu wa wilaya.

Barua nyingi niliweza kuzijua kabla sijazifungua. Zenye bahasha nzuri zilitoka kwa watumishi wa serikali waliokuwa Dar es Salaam au Dodoma, na ndani mlikuwa na jina la mtu mkubwa aliyemfahamu mwandishi. Nyingine zilipitia kwa mwenyekiti wa kijiji zikarudi na mihuri mitatu. Aina ya tatu ndiyo ninayotaka kuieleza: ya mzazi ambaye tayari alikuwa na mtoto pale shuleni, na anamleta mdogo wake kwa mgongo wa mkubwa.

Shule haikuwa na kanuni iliyosema kwamba mdogo atapokewa kwa sababu ya mkubwa. Ilikuwa mazoea tu, na mazoea hayo yalikuwa na sababu ambayo wazazi wengi hawakuijua. Wao walidhani mkuu anatazama akili ya mtoto mkubwa, wakajaza barua kwa nafasi aliyoshika darasani na hesabu alizopata. Mkuu alijua vizuri kwamba ndugu wawili waliotoka tumbo moja wanaweza wasifanane hata kidogo. Kwa mtoto mpya alikuwa na usaili wake wa hisabati, Kiingereza na Kiswahili, na huo ulimtosha. Alichokitafuta katika habari za mkubwa ni mzazi. Mzazi huyu analipa vipi? Akiitwa anakuja? Mtoto akifukuzwa kwa ajili ya ada, anarudi baada ya siku ngapi? Hayo hayakuwa kwenye ripoti ya muhula. Yalikuwa kwenye leja yangu.

Barua ya mama yule iliandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katikati ya daftari, maana karatasi za kuandikia zilikuwa adimu miaka ile. Juu kulikuwa na anwani ya sanduku la posta la parokia, halafu kichwa kilichopigiwa mstari: YAH: MAOMBI YA NAFASI YA KIDATO CHA KWANZA KWA MWANANGU. Mama alikuwa mjane. Binti yake alikuwa kidato cha tatu, bwenini. Aliandika, kwa maneno ninayoyakumbuka hivi: binti yangu ni mwanafunzi wako tangu kidato cha kwanza, namba yake ya uandikishaji ni hii, muhula uliopita alikuwa wa sita darasani, ni kiranja wa chakula, ada yake nimelipa kidogo kidogo lakini hakuna muhula uliofungwa ninadaiwa, mwaka jana alichelewa kurudi kutoka likizo zaidi ya wiki moja kwa kuwa alikuwa ananiuguza, na alipewa adhabu. Halafu ndipo akamtaja mdogo.

Mkuu alinipa barua ile akasema, “Dada, kaihakiki.” Kuihakiki kulikuwa na utaratibu. Kwanza rejesta ya uandikishaji, kuona kama namba na jina vinakubaliana. Hapo ndipo wengi walipokwama. Mkubwa aliandikishwa kwa jina la baba, mdogo kwa jina la babu au la ukoo, na huwezi kujua kama ni ndugu kweli au ni mtoto wa jirani aliyepewa undugu mwezi wa tisa. Si kwamba watu walidanganya kila mara. Kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu yako na hakuna anayekuuliza zaidi. Ila mkuu alitaka kujua nani atalipa, kwa hiyo tulidai cheti cha ubatizo au kadi ya kliniki, tuone jina la mzazi. Yule mama alikuwa ameshabandika vyeti vya ubatizo vya watoto wote wawili kwa pini.

Kisha leja. Kila mwanafunzi alikuwa na ukurasa wake: upande mmoja anachodaiwa, upande wa pili alicholipa, na namba ya stakabadhi. Mtu asiye mzoefu akiutazama ukurasa wa yule binti angesema mama huyu ni mlipaji mbaya. Malipo yalikuwa madogo madogo, mengine hata robo ya ada hayakufika. Lakini leja husomwa kwa mwisho wa muhula, na mwisho wa kila muhula salio lilikuwa sifuri. Nikatazama tarehe nikaelewa. Vyama vya ushirika vilivyovunjwa mwaka 1976 vilikuwa vimerejea, na fedha ya kahawa ililipwa kwa awamu, malipo ya kwanza na mengine baadaye. Shamba lilikuwa bado katika jina la marehemu mumewe, hivyo fedha ilipita kwa shemeji kabla ya kumfikia. Katikati ya awamu hizo alikuwa anauza ndizi sokoni. Kila stakabadhi ndogo ilikuwa siku ya soko.

Mwisho nilifungua kitabu cha adhabu. Binti alikuwemo mara moja tu, kwa kosa lile lile ambalo mama alilitaja.

Sentensi hiyo ya kuchelewa ndiyo iliyompatia nafasi, na hilo nalisema kwa sababu niliona uso wa mkuu. Barua za aina hii karibu zote ziliapa kwamba mtoto mkubwa hajawahi kupata adhabu. Nilikuwa nikifungua kitabu namkuta kwenye ukurasa wa pili: kutoroka, kuvuta sigara nyuma ya jiko, kuuza blanketi la shule. Baada ya hapo hata yaliyokuwa kweli katika barua hayakusomwa tena. Ya mama huyu kila sentensi ilikuwa na kitabu chake kwenye rafu yangu, na kila kitabu kilimuunga mkono, hata kile cha kumuumbua.

Kijana akaitwa kwenye usaili. Hesabu alifanya vizuri, Kiingereza kilikuwa cha kusikitisha. Kitanda cha bweni la wavulana hakikuwepo, kwa hiyo akapewa nafasi ya kutwa, akae kwa shangazi yake jirani na shule. Nikapiga chapa barua ya kumkubali. Kisha nikafanya kazi ya kawaida ya masijala ambayo sikuifikiria mara mbili. Juu ya jalada la faili lake niliandika namba ya faili la dada yake, na juu ya la dada nikaandika namba ya faili la mdogo. Tazama pia.

Mdogo alipoanza shule, mabadiliko ya kwanza yalimpata binti. Mwalimu wa zamu akimkuta anacheka mstarini anamwambia, “Wewe ndiye uliyetuletea mdogo wako, jiheshimu.” Akishuka darasani, mdogo anatajwa. Akiwa wa nne, mdogo anatajwa pia, kwa kusifiwa. Hakuna aliyemuuliza kama alikubali kuwa dhamana. Yeye alikuwa kidato cha nne sasa, mwaka 1987, na mtihani wa taifa ulikuwa mbele yake.

Mabadiliko ya pili yalikuwa kwenye leja. Shilingi ilikuwa imeshushwa thamani, bei zilipanda, na bodi ikapandisha ada. Soko la ndizi lililolisha ukurasa mmoja halikutosha kurasa mbili. Mama alifanya ambalo mzazi yeyote mwenye mtihani nyumbani angelifanya: alielekeza kila senti kwa binti. Salio la binti lilibaki sifuri. La mdogo likaanza kuvuka muhula.

Matokeo yalipotoka, na baadaye vyeti vilipoletwa, vilikaa kwenye sefu ya mkuu. Desturi ya shule za binafsi ilikuwa kwamba mwenye deni hapewi cheti. Binti alikuja na shati lake jeupe la kanisani, nikamwonyesha ukurasa wake, safi. Mkuu akaomba faili, akaona maandishi yangu juu ya jalada, akafungua la pili. Akasema mzazi ni mmoja na deni ni moja. Mama mwenyewe ndiye aliyewaunganisha, akasema, hatuwezi sisi kuwatenganisha kwa manufaa yake. Kwa hesabu za ofisi hoja ilisimama. Mimi sikuipenda wakati ule na siipendi hadi leo, maana cheti kilikuwa cha binti na jasho la mtihani lilikuwa lake, na alikuwa ameitwa kujiunga na chuo cha ualimu ambako lazima aonyeshe cheti halisi.

Mama alikuja wiki iliyofuata. Hakupiga kelele. Alisikiliza, akauliza deni ni kiasi gani, akaondoka. Alirudi na fedha zote za awamu ya kahawa pamoja na mbuzi wawili waliouzwa, akalipa, binti akasaini kitabu cha kupokelea vyeti siku ileile. Chuoni alifika akiwa amechelewa, lakini walimpokea. Mdogo aliendelea hadi akamaliza mwaka 1990 akiwa na daraja la tatu.

Mwaka 1991 ikaja barua ya kitinda mimba. Mwandiko niliujua. Karatasi safari hii ilikuwa nzuri, kichwa kile kile kimepigiwa mstari, na alama za darasa la saba zimeambatishwa. Haikutaja mtoto mwingine hata mmoja. Mkuu alikuwa mpya, hakumjua yule mama. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu: “Je, ana ndugu aliyesoma hapa?” akanirudishia nihakiki. Rejesta ilikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Nikaandika chini yake: “Afanye usaili kama wengine,” nikaiweka juu ya trei.