Meneja Hapimwi kwa Bakapu

Mbongo anayetafuta kazi Uingereza kwa mara ya kwanza hushangazwa na jambo moja: wadhamini wake huulizwa maswali machache sana, na mara nyingi kampuni aliyotoka hujibu kwa mistari miwili tu. Alianza tarehe fulani, akaondoka tarehe fulani, cheo chake kilikuwa hiki. Basi. Si chuki. Mwaka 1994, katika kesi ya Spring dhidi ya Guardian Assurance, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliamua kwamba mwajiri anayemwandikia mfanyakazi wake barua ya udhamini ana wajibu wa kuwa makini, na akiandika ovyo anaweza kudaiwa fidia. Kampuni nyingi huona heri zifunge mdomo.

Nyumbani mambo ni tofauti. Wasifu wa Dar es Salaam hufungwa na wadhamini watatu, vyeo vyao na namba zao za simu, na simu hizo hupigwa kweli. Anayepigiwa hueleza kila kitu: kijana ana adabu, alipokuja idara ilikuwa imelala, sasa imesimama. Kwa hiyo karatasi yenyewe haina mzigo mkubwa. Watu hunakili majukumu kutoka kwenye barua ya ajira, wakaambatisha vyeti, wakamwachia mdhamini amalizie.

Fundi akibaki fundi, mtindo huo haumuumizi sana. Mtu akisoma "kusimamia seva za Linux, kufanya bakapu, kutatua matatizo ya mtandao" anajua amempata nani. Shida huanza fundi anapopewa watu. Kazi yake imebadilika, lakini wasifu unaendelea kumtangaza kwa kazi ambazo siku hizi zinafanywa na wengine.

Binamu yangu alikuwa hapo. Yuko Dar, fundi wa hifadhidata wa siku nyingi, na mwanzoni mwa 2024 alikabidhiwa timu ya watu 7 inayohudumia mifumo ya malipo ya mawakala. Alipotaka kuomba nafasi kwenye kampuni ya Uingereza, alinitumia wasifu wake. Kurasa nne: tarehe ya kuzaliwa, hali ya ndoa, shule ya msingi, kozi kumi na kitu, na chini kabisa orodha ya majukumu. Kuhusu watu 7 kulikuwa na mstari mmoja: "Kusimamia wafanyakazi wa kitengo."

Tulianza kwa kupunguza. Umri na ndoa vilitoka, kwa sababu mwajiri wa Uingereza hataki kuviona. Sheria ya Usawa ya 2010 inamkataza kubagua kwa umri au ndoa, na akishavisoma anajiweka kwenye lawama. Vyeti vilivyokwisha muda vilitoka pia. Cheti cha CCNA cha Cisco hudumu miaka mitatu, na chake kilikuwa kimelala zamani. Ufundi wake tuliubakiza kwenye mstari mmoja. Usiufute kabisa, maana anayekuajiri anataka kujua kama unaweza kutambua kazi mbovu ya fundi unayemwongoza.

Kisha nikamuuliza: ulipoichukua timu, nini kilikuwa kinakwama? Akacheka. Kilichokwama ni yeye. Mifumo ilikuwa 11, na 6 kati ya hiyo ilieleweka na mtu mmoja mmoja tu, mingi ikiwa mikononi mwake. Mfumo ukianguka usiku, wote walimsubiri aamke. Alichofanya ni kuupa kila mfumo watu wawili, kuwataka waandike hatua za kuurejesha, na kila mwezi kufanya zoezi la kuangusha mfumo wa majaribio huku yeye simu yake imezimwa. Gharama ilikuwepo: kwa miezi miwili kazi mpya zilichelewa, na wakubwa walinung'unika.

Matokeo yalikuwa kwenye daftari la hitilafu, lakini kulisoma kunataka uangalifu. Kwa kila hitilafu tulichukua muda kuanzia kengele ilipolia hadi huduma iliporudi. Binamu alitaka kutafuta wastani. Tatizo, tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilikatika na intaneti ikayumba Tanzania na nchi jirani. Siku hiyo peke yake ingevuruga wastani wa mwaka mzima, na timu haikuwa na uwezo wa kuunga waya chini ya bahari. Tulizipanga hitilafu kuanzia fupi hadi ndefu, tukachukua ile iliyoangukia katikati. Mwaka 2023 ilikuwa saa 4. Mwaka 2024 ikawa dakika 70.

Tulihakikisha jambo moja zaidi, kwa sababu namba ya namna hii hudanganya kirahisi. Watu wakijua muda unahesabiwa, huwahi kufunga tiketi kabla tatizo halijaisha, na tatizo hilo hurudi kesho kwa namba nyingine. Tuliangalia tiketi zilizofunguliwa tena ndani ya wiki moja. Hazikuongezeka, basi punguzo lilikuwa la kweli.

Mstari mpya ukawa hivi:

"Naongoza timu ya watu 7 inayohudumia mifumo ya malipo ya mawakala. Niliupa kila mfumo watu wawili na kuanzisha zoezi la kila mwezi la kurejesha huduma. Timu ilipunguza muda wa kurejesha huduma, kwa hitilafu ya katikati, kutoka saa 4 mwaka 2023 hadi dakika 70 mwaka 2024. Mifumo inayoeleweka na mtu mmoja tu ilishuka kutoka 6 hadi 1."

Alipousoma akaniambia, "Dada, si nitaonekana najisifu?" Ndiyo hofu yetu, na ina msingi. Lakini angalia nani amefanya nini humo. Uamuzi ni wake, na ameuandika kama wake. Kupunguza muda ni kazi ya timu, na imeandikwa kama ya timu. Akisema "nilipunguza muda wa hitilafu" amewapora vijana waliokesha. Akisema "tulipanga, tukafanya, tukafanikiwa" tangu mwanzo hadi mwisho, msaili wa Uingereza atamkatiza: wewe binafsi uliamua nini? Na swali linalofuata huwa ni gharama. Ile miezi miwili ya kuchelewa ndiyo jibu, na asiye nalo hujulikana mara moja kwamba namba aliikuta mezani.

Meneja mwenye miezi minne kazini hana matokeo ya namna hii bado, na asiyabuni. Aandike alichokabidhiwa: watu wangapi, mifumo gani, hali aliyoikuta, na uamuzi wa kwanza alioufanya. Hicho kinatosha. Majina ya walio chini yake na siri za wateja hayahusiki popote.

Hata hivyo sikumfuta mdhamini. Kwa ufundi wa kuandika mstari, Uingereza imetuzidi. Kwa kuuhakiki, sisi ndio wenye dawa. Karatasi inayojisemea yenyewe hubeba pia maneno ya waongo, na nimekutana na mameneja huku Uingereza waliojitwalia jasho la timu nzima bila kuulizwa na mtu. Simu moja kwa aliyekuwepo ingewaumbua. Nilimshauri binamu, kwenye maombi ya hapo nyumbani, amweke kati ya wadhamini watatu mmoja wa mafundi aliowaongoza ambaye sasa amehamia kwingine, badala ya wakubwa watupu. Kabla ya kutuma, amsomee ule mstari kwa simu. Fundi akisita kwenye neno lolote, neno hilo libadilishwe au litoke.

Alimpigia. Fundi alikubali yote ila moja: kuandika hatua za kurejesha lilikuwa wazo lake, si la bosi. Ndiyo maana halimo kwenye mstari.