Kujificha bila Kukificha Kijiji

Majarida mengi ya lugha hutaka mswada usomwe bila majina pande zote mbili: mtathmini hajui nani ameandika, wala mwandishi hajui nani anamsoma. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Tomkins, Zhang na Heavlin waliipima katika mkutano wa kompyuta wa WSDM wa mwaka 2017, ambako makala zilezile zilisomwa na watathmini walioona majina na wengine ambao hawakuyaona. Walioona majina walielekea zaidi kuzipendekeza makala za waandishi mashuhuri na za taasisi kubwa. Ikiwa hivyo ndivyo, anayeandikia kutoka Butembo kuhusu wauza samaki wa Kyavinyonge ana haki ya kutaka hoja yake isomwe kwanza, na anwani yake baadaye.

Taabu ni kwamba mswada wenyewe husema mengi. Makala niliyokuwa nikiiandaa inahusu mazungumzo ya kupatana bei ya samaki Kyavinyonge, pale kaskazini mwa Ziwa Edward, karibu na mahali Mto Semliki unapotoka ziwani. Mimi ni mtu wa huko. Nilipoketi kuusafisha mswada, niligundua kwamba kazi ya kufuta jina ilikuwa ndogo kuliko zote, na kwamba maswali magumu yalikuwa ya sarufi.

Nianze na kile kisicho na ugumu. Jina, chuo, anwani ya barua pepe, shukrani na namba ya kibali cha utafiti huhamia kwenye ukurasa wa jina, ambao hutumwa kama faili ya pekee. Kisha faili yenyewe isafishwe. Hati ya Wodi ni mfuko uliofungwa wenye faili ndogo ndani, na mojawapo hutunza jina la aliyeianzisha hati na la aliyeihifadhi mara ya mwisho. Anayetumia Linuksi anaweza kuyaona hivi:

```
unzip -p makala.docx docProps/core.xml
```

Jina likionekana baada ya `dc:creator` au `cp:lastModifiedBy`, mtathmini naye anaweza kuliona. Kwenye Wodi ya Kifaransa, ambayo ndiyo tunayoikuta kwenye kompyuta nyingi za Butembo, amri ya `Inspecter le document` huyaondoa majina hayo pamoja na maoni ya pembeni. Masahihisho yanayofuatiliwa yanafaa kukubaliwa yote kabla ya hapo, kwa sababu kila sahihisho hubeba jina la aliyelifanya, na mara nyingi jina hilo ni la msimamizi wako. Usisahau jina la faili lenyewe. Katika taaluma yetu kuna pia mfereji ambao watu wa fani nyingine hawana: alama za mifano. Sentensi iliyorekodiwa ikiitwa `MK-03`, na MK ikawa herufi za mwanzo za jina la mtafiti, kila mfano umetiwa sahihi yake. Niliandika `KYV-03`, yaani alama ya mahali badala ya mtu.

Sasa sarufi. Tuseme jina langu ni Masika. Jina hilo likiwa wazi, msomaji wa Butembo au Beni anajua papo hapo kwamba mwandishi ni Mnande, ni mwanamke, na ni binti wa kwanza kwa mama yake. Aya moja ya rasimu ilikuwa hivi:

«Kama nilivyoonyesha katika tasnifu yangu (Masika 2021), wanawake wenzangu wa hapa Kyavinyonge huhesabu samaki kwa Kiswahili hata wanapopatana bei kwa Kinande. Katika makala hii ninaliendeleza dai hilo kwa saa 6 za mazungumzo niliyorekodi huku kwetu.»

Mwandishi mwenye hofu ataanza kukimbia nafsi ya kwanza. Atafuta kila *ni-* na kila *tu-*, ajaze kauli ya kutendwa, na kuishia na kitu kama hiki:

«Ilionyeshwa na mwandishi (xxxx) kwamba samaki huhesabiwa kwa Kiswahili na wanawake wa kijiji X. Dai hilo linaendelezwa kwa mazungumzo yaliyorekodiwa na mtafiti.»

Aya hii haisomeki, na isitoshe haifichi. «Mwandishi (xxxx)» humwambia mtathmini waziwazi kwamba anayeandika ana kazi ya awali juu ya jambo lilelile. Kuitafuta ni suala la dakika chache. Papo hapo humnyima chanzo anachokihitaji ili apime dai. Tena huzaa utata: je, «mtafiti» aliyerekodi ndiye «mwandishi» aliyeonyesha, au ni watu wawili?

Ukiichunguza rasimu ya kwanza kwa makini, utaona kwamba *ni-* peke yake haisemi lolote. *Nilirekodi* inaweza kuwa ya mtu yeyote duniani. Hata jinsia haimo, kwa kuwa Kiswahili hakiitofautishi katika viambishi vya nafsi. Kinachofichua ni *ni-* inapofungwa na kazi iliyokwisha chapishwa chini ya jina fulani. Fungo hilo ndilo la kukata, na hukatwa kwa kumtaja mwandishi wa zamani kama mtu mwingine:

«Masika (2021) ameonyesha kwamba wanawake wanaouza samaki Kyavinyonge huhesabu kwa Kiswahili hata wanapopatana bei kwa Kinande. Katika makala hii ninaliendeleza dai hilo kwa saa 6 za mazungumzo niliyorekodi ufukoni.»

Nafsi ya kwanza imebaki, marejeo yamebaki, na msomaji hakwazwi popote. Masika wa 2021 amekuwa mmoja wa watu wanaorejelewa, kama wenzake kwenye orodha. Kuna tahadhari mbili. Ya kwanza, mtaje kwa sauti unayowatajia wengine wote. «Masika ameonyesha kwa ustadi» huchekesha mtathmini na kumwamsha. Ya pili, njia hii haifai kwa kitu ambacho mwandishi peke yake anacho. Rekodi zisizochapishwa zilizo kwenye kompyuta yangu haziwezi kutajwa kana kwamba nimezisoma maktabani. Hapo ndipo pa kuandika «[chanzo kimeondolewa kwa ajili ya tathmini]», na iwe mara moja au mbili, si katika kila aya.

Linganisha tena aya hizo mbili uone maneno mengine yaliyoondoka: *wenzangu*, *hapa*, *huku*, *kwetu*. Hakuna jina ndani yake, lakini ndiyo yaliyokuwa yakisema zaidi. *Wenzangu* baada ya *wanawake* hutaja jinsia ambayo kiambishi cha nafsi kilikuwa kimeificha. *Kwetu* hutaja uzawa. Na vionyeshi vyetu hupima umbali kutoka kwa msemaji, kwa hiyo aandikaye *huku Kyavinyonge* amekwisha sema anaposimama. Niliutafuta mswada mzima kwa *-angu*, *-etu*, *hapa*, *huku* na *hivi sasa mjini*. Nilipata mahali 19 pa kurekebisha, na katika 11 kati ya hapo hakukuwa na jina la mtu wala la chuo. Hakuna amri ya kompyuta inayoyaona haya. Yanaonwa na mtu anayejua vimilikishi vinafanya kazi gani.

Lakini mtego wa upande wa pili ni kuandika *kule* kila mahali ili kuonekana mgeni. Huo ni uongo mdogo, na husomeka vibaya. Jina tupu la mahali linatosha.

Hapo ndipo swali lililonichukua muda mrefu kuliko yote: jina la mahali lenyewe. Watu wanaoandika kuhusu Kiswahili cha Kyavinyonge si wengi. Mtathmini akiona jina hilo anaweza kukisia, na rafiki mmoja wa idara alinishauri niandike «kijiji kimoja cha wavuvi kando ya ziwa». Nilijaribu. Kwanza, ushauri huo hauficha kitu, maana katika upande wa Kongo wa Ziwa Edward bandari za uvuvi zilizoruhusiwa ni Vitshumbi, Kyavinyonge na Nyakakoma. Nikisema kwamba watu wanaongea Kinande na kwamba Semliki iko karibu, nimekwisha itaja. Pili, nikiviondoa na hivyo, hoja inakufa. Makala inasema kwamba lugha ya kuhesabia inafuata njia ya samaki: wachuuzi wa Butembo na Beni wanashuka kununua, Uganda iko ng'ambo ya maji, na Kiswahili kinawakutanisha. Bila ramani hiyo kuna wanawake tu wanaohesabu samaki mahali fulani, na mtathmini angeuliza kwa haki: wapi, na kwa nini hapo?

Basi niliiacha Kyavinyonge wazi na kuondoa uhusiano wangu nayo. Mtathmini anaruhusiwa kujua makala inahusu wapi. Asichopaswa kupewa ni uthibitisho wa nani ameiandika. Nilibadilisha pia kichwa kwa ajili ya tathmini, kwa kuwa kichwa cha kwanza kilikuwa karibu sawa na cha tasnifu, na mtu huweza kukinakili kwenye mtandao hata bila nia mbaya. Mtathmini mwenye kukisia bado atakisia. Ila kukisia ni tofauti na kujua, na anayekisia bado analazimika kujibu hoja iliyo mbele yake.

Pazia la mwandishi lisichanganywe na pazia la wasemaji. Langu ni la miezi michache: makala ikikubaliwa, jina, shukrani na «nilivyoonyesha» hurudi. Kwa hiyo niliandika orodha ya kila badiliko katika faili ya pembeni, kila mstari ukiwa na ukurasa, maneno ya zamani na maneno mapya. Bila hiyo, Masika angechapishwa akijitaja kama mtu baki. Pazia la wasemaji halifunguliwi. Mama anayesimulia samaki wake walipatikana kwa wavu gani, au mvuvi alikamatwa upande gani wa mpaka, hapaswi kutambulika leo wala baada ya kuchapishwa, na kijiji ni kidogo kiasi kwamba umri, idadi ya watoto na mahali anapopanga beseni lake vinatosha kumtaja. Maelezo hayo niliyaondoa katika nakala zote mbili, na hayamo katika orodha ya vitu vya kurudisha.

Mswada uliokwenda kwa jarida ulikuwa na kurasa 22, mbili pungufu ya rasimu. Ulikuwa na *ni-* nyingi, Kyavinyonge katika kichwa, na Masika mara tatu katika marejeo 31.