Kwani Umeua Mtu?

Aunti alisoma barua pepe yangu hadi mwisho, akanirudishia simu, akaniuliza, "Kwani umeua mtu?"

Tulikuwa kwake Kayole, Jumapili mchana, sinia la mchele likiwa mapajani mwake. Aunti ni karani katika ofisi ya sako ya matatu, na barua za watu wanaotafuta kazi hapo hupitia kwake kwanza. Mimi nilikuwa nimekaa miezi miwili bila kazi ya maana, na keateka alikuwa ameanza kunisalimia kwa sauti ya kunikumbusha. Halafu studio moja ndogo ya vipindi vya redio ikatangaza kwamba inatafuta mwandishi wa skripti. Walitaka barua fupi kwa Kiswahili, sampuli mbili na bei. Nilikuwa nimewaandikia hivi:

"Kwa heshima na taadhima, naja mbele ya ofisi yako tukufu kwa unyenyekevu mkubwa, nikiomba japo nafasi ndogo tu. Samahani kwa kukusumbua. Ingawa sikubahatika kumaliza chuo kutokana na ukosefu wa karo, nimewahi kuandika vitu kidogo, na niko tayari kufanya kazi yoyote kwa malipo yoyote yale. Tafadhali sana nifikirie, hata kama ni kwa kujaribu. Mungu akubariki unapolitazama ombi langu kwa jicho la huruma."

Naapa nilidhani hiyo ni adabu.

"Nimejua huna pesa, nimejua unaomba msamaha, nimejua unasali," Aunti akasema. "Sijajua unaandika nini."

Nilipofika nyumbani nilijiuliza nilijifunzia wapi kuandika hivyo. Si shuleni. Shuleni barua rasmi ilikuwa anwani mbili, MINT: OMBI LA KAZI kwa herufi kubwa na mstari chini yake, kisha "Wako mwaminifu". Mwalimu hakutufunza jicho la huruma. Hilo nililiokota kwenye barua za kuomba basari, ambazo nimeandika tangu kidato cha kwanza. Kwenye basari, shida ndiyo sifa yako. Unaeleza kwamba mvua ilikosa, kwamba mama anafua nguo za watu, na kadiri unavyoeleza vizuri ndivyo kamati inavyokuona unastahili. Nilikuwa hodari wa hizo barua, manze. Tatizo ni kwamba mwenye studio hagawi basari. Yeye ndiye mwenye shida: ana vipindi vya kurekodi na hana mtu wa kuviandika. Mimi nilikuwa nimemwongezea shida yangu juu ya yake.

Basi nikaanza kukata, na kila sentensi nikaiuliza swali moja: inampa huyu mtu kitu cha kuamulia, au inamtaka anihurumie?

"Samahani kwa kukusumbua" ilitoka mara moja, maana wao ndio waliotangaza. "Ofisi yako tukufu" ikatoka. Ni studio, nadhani iko juu ya duka la dawa. Kilichonishinda ni vile vineno vidogo ambavyo huwezi kuviona ukisoma haraka: japo, tu, kidogo, hata. Kimoja kimoja havina ubaya. Lakini "nimewahi kuandika vitu kidogo" ilikuwa inaficha skripti sita za tamthilia za redio ya jamii na makala kadhaa zilizolipwa. Nilipoondoa "kidogo" ilinibidi niseme ni vitu gani, na nilipovihesabu nilishangaa mwenyewe.

"Malipo yoyote yale" iliniuma kuiondoa kuliko zote, kwa sababu ilikuwa kweli. Wiki hiyo ningekubali chochote. Lakini wao waliuliza bei ili wapange bajeti, na "yoyote" haijibu swali. Tena mtu akisoma "yoyote" ana haki ya kushuku kwamba hujawahi kulipwa. Nikaandika nambari, nikaifuta, nikaiandika tena.

Kuhusu chuo, nilitaka kunyamaza kabisa. Nikampigia Aunti, akakataa. "Wakikuita watakuuliza, na utaanza kugugumia. Sema ulipofika, usiseme ulipokosa kufika." Kwa hivyo "ingawa sikubahatika" ikawa "nilisoma hadi mwaka wa tatu". Ukweli ni uleule, ila hauko tena magotini.

Nilipomtumia toleo la pili nilikuwa najivunia. "Nimeona tangazo lenu. Nina uzoefu wa miaka mitatu. Sampuli zimeambatishwa. Nijulisheni."

Akajibu: "Sasa hii ni ya kukatiwa stima."

Nilikuwa nimeng'oa hadi "naomba", nikidhani ndiyo mzizi wa kuombaomba. Hapo nilikosea. Kiswahili kina kitenzi kimoja kwa anayesali, anayenyoosha mkono barabarani na anayetaka kupitishiwa chumvi. Hakuna anayekuona maskini ukisema "naomba chumvi". Cha kuangalia ni kinachoombwa. "Naomba unihurumie" inataka moyo wa mtu. "Naomba mnijulishe" inataka jibu, kitu kidogo anachoweza kukitoa bila kuumia, na ni laini kuliko "nijulisheni", ambayo kwa mtu msiyejuana inasikika kama amri. Nikairudisha, mara moja tu. "Tafadhali sana" haikurudi, kwa sababu naomba moja inatosha kuifanya kazi yake.

Joto nalo nililipata mahali sikutarajia. Badala ya kumsifu msomaji, niliandika kitu nilichokuwa nimekisikia kweli kwenye kipindi chao. Sifa kama "tukufu" unaweza kumtumia yeyote. Hii ilikuwa yao peke yao. Barua iliyoenda ni hii:

"Habari za asubuhi. Nimeona mnatafuta mwandishi wa skripti za Kiswahili, na ningependa kufanya kazi hiyo. Nilisikiliza kipindi chenu cha wafugaji, na ule ugomvi wa mama mkwe na daktari wa mbuzi ulinipitisha steji yangu.

Nimeandika skripti sita za tamthilia za redio ya jamii, kila moja ya dakika kumi. Mbili nimeziambatisha, ya pili ina wahusika wanne, kama mlivyoeleza kwenye tangazo. Nilisomea Kiswahili na mawasiliano chuo kikuu hadi mwaka wa tatu, na tangu hapo naandika kwa kujitegemea.

Skripti ya dakika kumi natoza shilingi 4,000, pamoja na marekebisho mawili. Naomba mnijulishe kama mngependa kuona sampuli nyingine. Asanteni kwa kuisoma barua hii."

Aunti alisema ofisini kwao bado angetaka ile MINT: na anwani, na ningekuwa naandikia serikali ningeviacha vyote. Hivyo ni nguo tu za kuvaa, havimwinamishi mtu. Lakini alikubali, akaniongezea kwamba "Habari za asubuhi" niitume asubuhi kweli, si saa sita usiku nikiwa na wasiwasi. Niliituma saa mbili na nusu.

Siku tisa kimya. Siku ya tano nilifungua barua mpya nikaanza "Samahani kwa kuwasumbua tena", nikaifunga. Siku ya kumi nambari nisiyoijua ikanipigia nikiwa kwenye foleni ya maji. Mwanamume mwenye sauti ya homa akaniuliza mambo mawili matatu ya skripti, kisha akafika.

"Na chuo, hukumaliza kwa nini?"

Ile barua ya basari nzima ilinijia mdomoni, na mvua na mama na nguo za watu.

"Karo iliisha," nikasema.

"Sawa. Sasa hayo marekebisho mawili, tukitaka la tatu unatoza ngapi?"

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikamwomba anipe dakika kumi nimpigie, nikaweka mtungi chini, nikamtafuta Aunti.