Gauni Moja, Maharusi Wawili



Leo nawasimulia laivu yangu ya mwanzo, iliyonitoa machozi.

Nilishika gauni la nikaha la rangi ya maziwa, nikauliza, "Nani analichukua?" Kimya. Nikaliweka, nikanyanyua la kijani, bei ile ile. Papo hapo ikaingia komenti: "Mimi!" Nikamjibu, "Hongera, ni lako." Usiku ule bibi harusi mwengine akanitumia ujumbe akitaka lile la maziwa, nikamuuzia.

Kumbe yule wa mwanzo alikuwa akisema la maziwa. Picha humfikia mtazamaji baada ya sekunde kadhaa, na maneno yake nayo huchukua muda kunirudia. Alipoandika, mimi nilishabadilisha nguo. Alifungua mfuko akakuta kijani, na nikaha ni keshokutwa. Kitambaa kilikuwa kimebaki, alhamdulillahi, nikakesha kwenye cherehani.

Sasa hufanya hivi. Siku moja kabla, saa ile ile na taa zile zile, najaribu huku mdogo wangu akitazama kwa simu yake chumba cha pili. Nanyanyua mkono, naye anaandika akiuona, nami nahesabu. Kwetu hufika sekunde kumi. Pia hunambia kama rangi ya maziwa inaonekana ya njano, na kama namba inasomeka, maana kamera ya mbele inaweza kunionesha maandishi kinyume hali kwake yako sawa.

Kila nguo naibandika namba, kumi na mbili tu. Naanza na mitandio ya bei ndogo, maana watu ndiyo kwanza wanaingia. Magauni ya maharusi nayaweka katikati, watu wakishajaa. Mwisho nawaonesha tena yaliyobaki, kwa waliochelewa.

Anayetaka anaandika "Nachukua 7". "Mimi" peke yake sihesabu. Siiweki nguo chini mpaka nihesabu ishirini. Mdogo wangu anaandika kwenye daftari wa kwanza na wa pili. Anayeuliza bei namjibu kwa sauti, maana wenziwe pia wanataka kujua. Anayekejeli simjibu, mdogo wangu anamtoa.

Akitokea wa kuongeza bei juu ya mwenziwe aliyekwishakubaliwa, nakataa. Dini yetu imetukataza kuingilia biashara ya mwenzio.

Laivu ikimalizika, kila mmoja namtumia picha ya nguo yake, namba, bei na vipimo vya kifua na urefu. Akijibu "ndiyo hiyo", analipa nusu kwa simu ndani ya saa moja. Asipolipa, namjulisha kisha namwita wa pili. Bila ya hiyo "ndiyo hiyo", nguo haitoki dukani.

Yule bibi harusi alilivaa gauni lake siku ya nikaha. Nililimaliza alfajiri, na pesa ya ushoni sikumchukulia.