Nywele Kabla ya Hina

Hina ikishashika haitoki kwa shampuu, na harusi haingoji marekebisho. Ndiyo maana jamaa zetu huanza na nywele zenyewe kabla ya kukoroga bakuli.

Bibi harusi wetu wa karibuni alikuwa na nywele zilizowahi kunyooshwa kwa dawa. Tulipozilowesha, ncha zilinyonya maji papo hapo, mashina yakakawia. Nywele kama hizo zikipakwa rangi vivyo hivyo, ncha hukoza kupita mashina.

Wiki moja kabla, tulizipaka ncha tritimenti ya protini, tukaisuuza kwa muda ulioandikwa koponi. Protini huziba nyufa za unywele uliochakaa, rangi ikaingia kwa kipimo kinachokaribiana. Haiuponyi unywele, kwani huoshwa kidogo kidogo. Na ikizidishwa, unywele hukakamaa na kukatika.

Mafuta na kondishona nzito tuliyaacha siku tatu kabla. Siku ya hina tulitumia shampuu pekee, kwa maana utando wa mafuta huizuia rangi, ikatoka mabaka. Tone la maji likisimama juu ya nywele bila kusambaa, huenda utando ungalipo.

Kabla ya kichwa kizima tulijaribu shungi dogo la kisogoni, tukalitazama juani. Ncha zilikuwa zingali zimekoza kidogo. Basi tukaanza kupaka mashina, ncha tukazifuatisha saa moja baadaye; zote zikasuuzwa pamoja, na rangi ikatoka moja.