Faili la 4.86 MB lililokataliwa

Saa kumi na moja na dakika hamsini jioni, dakika kumi kabla dirisha la kukusanya ripoti halijafungwa, jamaa wa chumba cha pili akanigongea mlango. "Oya, mtambo wako umelewa? Umeandika mwisho MB 5, faili langu ni 4.86, halafu linanikatalia!"

Ukurasa ule wa darasa niliutengeneza mimi. Nikaangalia kompyuta yake: kweli, Windows inasema 4.86 MB. Nikafungua programu yangu:

```
if (file.size > 5000000) kataa();
```

Nikabofya Properties, nikakuta pembeni, kwenye mabano, idadi kamili: baiti 5,100,000. Hapo nikaishiwa maneno. Mimi niligawanya kwa 1,000 mara mbili, nikapata 5.1. Windows inagawanya kwa 1,024 mara mbili, yaani kwa 1,048,576, inapata 4.86, halafu inaandika MB vilevile. Hesabu zote mbili sahihi, ila jina ni moja.

Majina tofauti yapo tangu 1998: ukigawanya kwa 1,024 unaandika KiB, MiB, GiB. Sasa nani hostel kwetu ameshawahi kuona MiB? Hata Linux, ukiandika `ls -lh`, inagawanya kwa 1,024 na kukuwekea M tupu. Ukitaka ya elfu unaandika `ls -l --si`. Ndiyo maana flashi ya GB 16, tuliyomtukania muuza duka mwaka wa kwanza, Windows huisoma kama 14.9. Muuza duka hakutuibia. Pengo hilo hukua kadiri unavyopanda: kwenye kilo ni asilimia 2.4, kwenye giga ni zaidi ya 7.

Wazo langu la kwanza lilikuwa kuandika "MiB 5" na kuwaacha watu wahangaike. Ni sahihi kitaalamu, lakini dakika kumi kabla ya kufunga ni ukatili. Nikabadilisha kikomo kuwa `5 * 1024 * 1024`, yaani baiti 5,242,880, na tangazo likabaki MB 5. Kwa hiyo anayehesabu kwa elfu anapita, na wa Windows anapita. Ingekuwa ninaahidi nafasi ya kuhifadhi, ningefanya vilevile, nihakikishe ninayoahidi yapo hata kwa hesabu kubwa.

Kisha nikajaribu faili la baiti 5,242,881. Likakataliwa, na ujumbe ukasema: "Faili lako ni 5.00 MB, mwisho ni 5 MB." Kudadeki! Kukadiria desimali kulikuwa kumeimeza ile baiti moja. Siku hizi faili likikataliwa, ujumbe unataja baiti zote, za faili na za kikomo, bila kufupisha.

Ripoti ya jamaa iliingia saa kumi na moja na dakika hamsini na nane. Wawili walioshindwa mapema wakakata tamaa, niliwafuata kwa mhadhiri mwenyewe kuwaombea.